Kusoma Rejeo la Biblia na Kulifikia Haraka Katika Nakala Iliyochapishwa

Mtu anayechelewa kulifikia andiko mara nyingi ameanza kufungua kurasa kabla hajamaliza kusoma rejeo lenyewe. Akisikia au kuona «Yoh», mkono umekwisha kwenda katika Injili, kumbe mbele ya jina hilo palikuwa na namba 1, na kitabu kinachotafutwa kipo karibu kabisa na mwisho wa Biblia. Kwa hiyo mwongozo huu unaitenganisha kazi hiyo katika sehemu mbili: kwanza kulisoma rejeo hadi herufi yake ya mwisho wakati kitabu kingali kimefungwa, kisha kukifungua kwa mpango.

Tutatumia mfululizo mmoja wa marejeo, wa namna inayoonekana pembeni mwa somo au kwenye karatasi ya masomo ya ibada, na tutaurudia baadaye hatua kwa hatua:

Isa 52:13–53:12; 61:1, 2; Lk 4:16–21; Mdo 8:32, 33; 1 Pet 2:21–25; Yud 3

Kulisoma rejeo kabla ya kufungua

Anza na jina la kitabu, na hasa na namba iliyo mbele yake kama ipo. Namba hiyo ni sehemu ya jina: «1 Pet» ni Waraka wa Kwanza wa Petro, na «2 Fal» ni Kitabu cha Pili cha Wafalme. Vitabu vya zamani huiandika kwa tarakimu za Kirumi, yaani I, II na III, lakini maana ni ileile. Kosa la kuisahau namba hii lina hatari ya pekee kwa Yohana, kwa kuwa Yohana ameitwa kwa jina lake katika Injili moja na nyaraka tatu. Mtu aliyeambiwa 1 Yoh 3:16 akafungua Yohana 3:16 hatapata dalili yoyote kwamba amepotea, maana mstari upo, tena unazungumzia upendo wa Mungu uliomtoa Mwana wake. Ule wa waraka nao unazungumzia upendo uliojulikana kwa Yesu kuutoa uhai wake. Atasoma, ataridhika, na atakuwa amesoma andiko jingine.

Baada ya namba huja kifupisho. Katika Biblia za Kiswahili vifupisho vingi huacha kiambishi cha mwanzo na kuchukua herufi za shina, jambo linalowasumbua wanaotafuta kwa herufi ya kwanza. Wafalme huwa Fal, Wagalatia huwa Gal, Waamuzi huwa Amu, Maombolezo huwa Omb, na Mambo ya Nyakati huwa Nya. Ukikutana na kifupisho usichokitambua, jaribu kukitangulizia «Wa-» au «Ma-», na mara nyingi jina litajitokeza lenyewe.

Kundi gumu zaidi ni la majina yanayoanza na Yo: Yos ni Yoshua, Yoe ni Yoeli, Yon ni Yona, na Yoh au Yn ni Yohana. Hapa herufi ya tatu ndiyo inayoamua, kwa hiyo isome kwa makusudi. Vivyo hivyo Flp ni Wafilipi na Flm ni Filemoni, Hab ni Habakuki na Hag ni Hagai, Mit ni Mithali na Mik ni Mika. Wachapishaji hawakubaliani katika kila kifupisho. Mmoja ataandika Mt na mwingine Mat. Orodha kamili ya nakala yako huwa katika kurasa za mwanzo, mara nyingi karibu na yaliyomo, na inafaa kuisoma yote walau mara moja.

Sasa namba zenyewe. Katika mtindo uliozoeleka zaidi, namba iliyo kabla ya nukta mbili ni sura, na iliyo baada yake ni mstari, ambao wengine huuita aya. Lk 4:16 ni Luka, sura ya 4, mstari wa 16. Kuna mtindo wa pili, unaotumika sana katika vitabu vya Kikatoliki, ambao huweka mkato mahali pa nukta mbili na nukta moja mahali pa mkato. Katika mtindo huo «Mt 5,3.7» ni Mathayo sura ya 5, mstari wa 3 na mstari wa 7. Ili ujue ni mtindo upi umetumika, tazama ukurasa mzima: kama hakuna nukta mbili hata moja kati ya marejeo yote, basi mkato ndio unaotenganisha sura na mstari.

Alama nyingine ni tatu, na kila moja ina kazi yake. Mkato huongeza mstari mwingine ndani ya sura ileile, hivyo 61:1, 2 ni mstari wa 1 na wa 2 wa sura ya 61. Nukta mkato hufunga rejeo moja na kuanzisha jingine, na kama baada yake hakuna jina la kitabu, kitabu ni kilekile kilichotajwa kabla. Ndiyo sababu 61:1, 2 katika mfululizo wetu bado ni Isaya, ingawa jina la Isaya halikurudiwa. Kistari humaanisha «hadi», na ndicho kinachosomwa vibaya kuliko alama zote.

Kanuni ya kistari ni kutazama upande wake wa kulia. Kikifuatwa na namba isiyo na nukta mbili, namba hiyo ni ya aina ileile na iliyo kushoto kwake. Katika 1 Kor 12:4–11 iliyo kushoto ni mstari wa 4, basi 11 nayo ni mstari. Katika 1 Kor 12–14 iliyo kushoto ni sura, basi unatakiwa kusoma sura tatu nzima. Kistari kikifuatwa na namba yenye nukta mbili, rejeo linavuka mpaka wa sura: Isa 52:13–53:12 linaanza sura ya 52 mstari wa 13 na kuishia sura ya 53 mstari wa 12. Mtu asiyeziona hizo nukta mbili za pili hutafuta mstari wa 53 katika sura ya 52, ambayo ina mistari 15 tu.

Sura na mistari havikuandikwa na waandishi wa vitabu hivi. Mgawanyo wa sura tunaoutumia huhusishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari za Agano Jipya zilichapishwa na Robert Estienne mwaka 1551. Mahali pengine mpaka wa sura umeikata habari moja katikati. Juma la uumbaji huanza Mwanzo 1:1, lakini siku ya saba imeangukia Mwanzo 2:1–3. Shairi la Isaya juu ya mtumishi wa Bwana linaanza 52:13, si 53:1, na ndiyo sababu rejeo letu la kwanza limelazimika kuvuka mpaka.

Zipo pia nyongeza ndogo. Herufi a au b baada ya mstari, kama 4a, humaanisha nusu ya kwanza au ya pili ya mstari huo. «Taz.» ni tazama, na «ling.» ni linganisha, nayo si sehemu ya rejeo bali ni maelekezo kwa msomaji.

Mwisho katika hatua hii, kumbuka vitabu vitano vyenye sura moja tu: Obadia, Filemoni, 2 Yohana, 3 Yohana na Yuda. Kwa vitabu hivi namba iliyo peke yake ni mstari. Yud 3 ni mstari wa 3 wa Yuda, wala hakuna sura ya 3 ya kutafutwa. Wengine huandika Yud 1:3, na maana ni moja. Kama umeandikiwa Yud 13:18, basi si Yuda kamwe, bali ni Yudithi, kitabu kinachopatikana katika Biblia zenye vitabu 73.

Rejeo ukilisoma kwa sauti, au moyoni kwa maneno kamili, utajua kama umelielewa. «Isaya, sura ya hamsini na mbili mstari wa kumi na tatu, hadi sura ya hamsini na tatu mstari wa kumi na mbili.» Usipoweza kulitamka lote namna hiyo, mkono ungoje kwanza.

Kukifungua kitabu kwa mpango

Biblia yenye vitabu 66, yaani 39 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya, ina mgawanyo wa kurasa ambao haubadiliki sana kutoka nakala moja hadi nyingine. Shika maandiko yenyewe tu, ukiacha nje faharasa, ramani na kamusi za mwishoni, kisha ufungue katikati: utaangukia Zaburi au jirani yake. Igawe nusu ya kushoto katikati tena, nawe utakuwa karibu na mwisho wa Waamuzi na kitabu cha Ruthu. Igawe nusu ya kulia, nawe utafika kwa manabii wadogo, kurasa chache kabla ya Mathayo. Robo ya mwisho, ambayo karibu yote ni Agano Jipya, ukiigawa katikati utafika mwanzoni mwa Matendo ya Mitume.

Vituo hivyo vinne, yaani Ruthu, Zaburi, Mathayo na Matendo, vinatosha kuanzia. Fanya jaribio hili kwa nakala yako mwenyewe, kwa sababu Biblia yenye maelezo marefu chini ya kurasa, au yenye vitabu 73, itasogeza vituo kidogo. Baada ya kuujua mgawanyo wa nakala hiyo, swali la kujiuliza si «kitabu hiki kiko ukurasa gani?» bali «kiko kabla au baada ya kituo gani?»

Kujibu swali hilo kunahitaji mpangilio wa vitabu, na hapa wengi hujitwisha mzigo wa kukariri orodha ndefu bila kujua inavyokwenda. Ni rahisi zaidi kuikariri kwa makundi. Kutoka mwanzo hadi kituo cha Ruthu kuna vitabu vitano vya Torati, kisha Yoshua na Waamuzi. Kati ya Ruthu na Zaburi kuna vitabu vya Samweli, Wafalme na Nyakati, kisha Ezra, Nehemia, Esta na Ayubu. Baada ya Zaburi huja Mithali, Mhubiri na Wimbo Ulio Bora, kisha manabii wenye vitabu virefu: Isaya, Yeremia pamoja na Maombolezo yake, Ezekieli, na Danieli aliye mfupi kuliko hao watatu.

Manabii wadogo kumi na wawili ndio wanaowachelewesha watu, kwa kuwa baadhi yao hawazidi kurasa mbili au tatu, nao huruka kati ya vidole bila kuonekana. Hosea ni wa kwanza na Zekaria ni wa mwisho ila mmoja, na kila mmoja wao ana sura 14. Hao wawili wataonekana ukipekua. Vitabu tisa vilivyo kati yao ni Yoeli, Amosi, Obadia, Yona, Mika, Nahumu, Habakuki, Sefania na Hagai. Njia nzuri ni kufungua Mathayo, ambaye hakosekani, kisha kurudi nyuma kwa kurasa chache: Malaki, Zekaria, Hagai, Sefania, Habakuki. Ukitafuta mmoja wa wale wa mwanzo, kama Yoeli au Amosi, tafuta Hosea kwanza uende mbele.

Nyaraka za Paulo nazo zina mantiki ambayo ukishaijua huhitaji kuimba orodha. Zile tisa zilizoandikwa kwa makanisa hutangulia, na zile nne zilizoandikwa kwa watu binafsi hufuata. Na katika kila kundi waraka mrefu, kwa ujumla, hutangulia mfupi. Kwa hiyo Warumi ni wa kwanza na Wathesalonike ni wa mwisho katika kundi la makanisa, na Timotheo hutangulia huku Filemoni, waraka wa mistari 25, akifunga kundi la pili. Rejeo la Tito basi halitafutwi karibu na Warumi. Baada ya Filemoni ni Waebrania, Yakobo, Petro wawili, Yohana watatu, Yuda na Ufunuo.

Namba ya sura nayo husaidia kukisia. Isaya ana sura 66, kwa hiyo sura ya 53 iko katika sehemu yake ya tano ya mwisho, karibu na Yeremia kuliko na Wimbo Ulio Bora. Mtu anayeanza ukurasa wa kwanza wa Isaya na kufunua mmoja mmoja hadi sura ya 53 anafanya kazi isiyo ya lazima.

Kuongozwa na kichwa cha ukurasa

Ukishafungua, usisome maandishi ya katikati ya ukurasa. Tazama juu, kwenye pembe ya nje, ambapo nakala nyingi huchapisha jina la kitabu na sura, na pengine mistari pia. Mara nyingi kichwa cha ukurasa wa kushoto huonyesha andiko linaloanzia hapo, na cha ukurasa wa kulia huonyesha linaloishia hapo. Kama kushoto kumeandikwa Luka 3:23 na kulia Luka 5:11, basi Luka 4:16 lazima liko mbele ya macho yako. Nakala nyingine huonyesha sura tu. Ichunguze yako kwa kulinganisha kichwa cha ukurasa na maandishi ya juu na ya chini yake.

Ndipo ushuke kwenye safu. Biblia nyingi zina safu mbili, na safu ya kushoto husomwa hadi chini kabla ya ile ya kulia kuanza. Namba kubwa ni ya sura na zile ndogo zilizoinuliwa ni za mistari. Jambo moja huwapoteza wageni: katika nakala nyingi mstari wa 1 haukuandikiwa namba, kwa sababu namba kubwa ya sura imekaa mahali pake. Anayetafuta Isaya 61:1 na kuona namba ndogo inaanzia 2 asidhani kwamba kuna mstari uliopotea. Maneno yaliyo kando ya 61 kubwa ndiyo mstari wa 1. Vichwa vya habari vilivyochapishwa kwa herufi nzito si mistari, na herufi ndogo kama a, b, c zilizo ndani ya sentensi huelekeza kwenye tanbihi au kwenye marejeo ya pembeni.

Mfululizo wetu, hatua kwa hatua

Isa 52:13–53:12. Fungua katikati, upate Zaburi. Isaya yuko kulia, baada ya Mithali na vitabu viwili vifupi, na sura tunayoitaka iko kuelekea mwisho wake, kwa hiyo chukua fungu nono la kurasa. Ukiona Yeremia juu ya ukurasa umepita, lakini si kwa mbali, rudi kidogo. Tafuta 52 kubwa, shuka hadi 13, soma mistari mitatu iliyobaki, na uendelee na sura ya 53 yote, ambayo ina mistari 12.

Kwa 61:1, 2 usifunge kitabu. Ni Isaya bado, kurasa chache mbele. Weka utepe au kipande cha karatasi hapo, kwa sababu Luka 4:16–21 itakurudisha: humo Yesu anasoma maneno ya Isaya 61 katika sinagogi la Nazareti. Luka unamfikia kwa kufungua Matendo na kurudi nyuma. Kabla ya Matendo ni Yohana, na kabla ya Yohana ni Luka. Kwa kuwa Luka ana sura 24, sura ya 4 iko mwanzoni mwake, upande wa Marko.

Mdo 8:32, 33 ni kwenda mbele, kupita Injili ya Yohana yote. Matendo yana sura 28, hivyo ya 8 iko katika theluthi ya kwanza. Mistari hiyo miwili ni maneno ya Isaya 53:7, 8 ambayo towashi Mwethiopia alikuwa akiyasoma garini, na hili linakupa uthibitisho kwamba umefika mahali sahihi: msomaji aliyetoka Isaya atayatambua mara moja. 1 Pet 2:21–25 iko mbele zaidi, baada ya Yakobo. Sura ya 2 inaishia mstari wa 25, kwa hiyo ni kusoma hadi mwisho wa sura. Yud 3 ni kufungua Ufunuo na kurudi ukurasa mmoja au miwili.

Zingatia kwamba katika mfululizo huu hatukurudi nyuma kutoka kitabu kimoja hadi kingine, kwa kuwa marejeo yameorodheshwa kwa mpangilio wa Biblia. Ukipewa marejeo yaliyochanganyika, nawe una muda wa kujiandaa, yapange kwanza hivyo na uweke alama kabla ya somo kuanza.

Namba isipopatana na maandiko

Wakati mwingine umefuata kila hatua na bado mstari haupo, au upo lakini hausemi kinachotajwa. Kwanza hakiki namba ya mbele na herufi za kifupisho. Kama hapo pako sawa, huenda aliyeandika rejeo alitumia Biblia yenye hesabu tofauti na yako.

Zaburi ndizo zinazoongoza kwa hili. Hesabu ya Kiyunani na Kilatini iko nyuma kwa moja katika zaburi nyingi kati ya ya 10 na ya 147, kwa hiyo Zaburi ya 23 ni ya 22 katika hesabu hiyo; nakala nyingine huandika zote mbili, moja ikiwa katika mabano. Tena, baadhi ya matoleo huhesabu maneno ya utangulizi wa zaburi kama mstari. Ombi la kuumbiwa moyo safi, ambalo wengi wanalijua kama Zaburi 51:10, liko mstari wa 12 katika matoleo hayo, kwa sababu utangulizi wa zaburi hiyo umechukua mistari miwili. Basi katika Zaburi jaribu mstari mmoja au miwili juu au chini, kisha zaburi iliyotangulia au inayofuata.

Yoeli na Malaki hutofautiana kwa sura. Yoeli 2:28–32 katika hesabu iliyozoeleka ni 3:1–5 katika hesabu ya Kiebrania, na Malaki sura ya 4 huko ni mwendelezo wa sura ya 3, kuanzia mstari wa 19. Ukiambiwa Malaki 3:20 na sura ya 3 ya nakala yako inaishia 18, hesabu mistari miwili ndani ya sura ya 4.

Mwisho ni mistari iliyorukwa. Mathayo 17:21, Mathayo 18:11 na Matendo 8:37 haimo katika hati za kale ambazo wafasiri wengi wanazitegemea, hivyo matoleo mengine huiweka katika mabano na mengine huipeleka chini ya ukurasa. Ukiona namba zimeruka kutoka 36 hadi 38, tazama tanbihi kabla ya kusema kwamba nakala ina kasoro ya uchapaji.